Mstari wa Nne wa Mfano wa Kumi na Nne

Makala ilirudi Jumatatu asubuhi ikiwa na maoni ya mhakiki, ukurasa mmoja na nusu. Mwalimu aliyasoma akiwa amesimama, mkoba bado begani. Alikuwa mhadhiri wa isimu, na wanafunzi walimwita Mwalimu wa Viambishi nyuma ya mgongo wake, jina ambalo yeye mwenyewe alilipenda kuliko walivyodhani. Maoni mengi yalikuwa madogo: nukta imekosekana hapa, kifupisho hakimo kwenye orodha kule. Lakini la mwisho lilimfanya avute kiti.

“Mfano wa 14,” mhakiki alikuwa ameandika. “Mwandishi anatafsiri kwamba msemaji alifunga mlango kwa faida ya huyo mtu. Mimi ni mzawa wa lugha hii, na nikisikia ‘nikamfungia mlango’ naelewa kwamba msemaji alimzuia huyo mtu asiingie. Mwandishi atoe muktadha, au aubadilishe mstari wa nne.”

Kwenye meza ya pili, mwenzake wa ofisini aliinua kichwa. Huyu waliyempa jina la Kistari alikuwa fundi wa kupanga mifano. Ukimwonyesha sentensi iliyokatwakatwa, kabla hajasoma neno atahesabu vistari vya juu, kisha vya chini, na visipolingana hakuachi ulale.

“Wamekukatalia?”

“Hawajakataa. Wanataka muktadha wa kumi na nne.”

“Ah, kumi na nne ya mama.” Kistari alishusha sauti. “Vistari vyake viko sawa. Niliviangalia mimi mwenyewe.”

Kweli vilikuwa sawa. Mwalimu aliufungua ukurasa ule kwenye kompyuta. Mwanzoni alikuwa amepanga mifano yake kwa kubonyeza nafasi, mpaka Kistari akamcheka na kumfundisha kutumia jedwali lisilo na mipaka, kila neno na chumba chake, ili maana isiteleze ikaenda kukaa chini ya neno la jirani. Sasa mfano ulikuwa umetulia:

(14)   ni-ka-m-fung-i-a                      m-lango
       N1-FUAT-YMB.N3-funga-TDA-KSH          NG3-mlango

Kitenzi kilikuwa na vipande sita juu, vipande sita chini. *Ni-*, nafsi ya kwanza, aliyetenda. *-Ka-*, tendo lililofuata jingine. *-M-*, yambwa, yule aliyefikiwa na tendo, nafsi ya tatu. Na kwa kuwa silabi hiyo moja inabeba habari mbili, chini yake kuna nukta, si kistari. Mzizi *fung*. Kisha kairabu kadogo *-i-*, kauli ya kutendea, ambako ndiko makala yote ilikokuwa imening’inia. Mwisho kiishio. Na pembeni *m-* ya mlango, kiambishi cha ngeli ya tatu. Juu ya vipande, mstari wa kwanza, ilikaa sentensi nzima isiyokatwa, na chini kabisa, mstari wa nne, tafsiri ya Kiingereza, maana jarida lilikuwa la Kiswahili lakini lilikuwa na wasomaji wa mbali.

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Kiswahili kinaweza kusema *nikamfungia* na kikanyamaza. Ile *-i-* inasema tu kwamba tendo lilimwendea mtu. Haisemi kama lilimwendea kwa heri au kwa shari. Unaweza kumfungia mtu mzigo akakushukuru, na unaweza kumfungia mtu mlango akalala nje. Lakini Kiingereza kilimlazimisha achague: ama mlango ulifungwa kwa ajili ya mtu, ama ulifungwa usoni pake. Hakukuwa na neno la katikati. Na Mwalimu, miaka miwili iliyopita, alichagua bila kufikiri. Aliyesema alikuwa mama yake. Mama yake angemfanyia nani ubaya?

Alitafuta faili la sauti.

Alimrekodi mama mara saba, mezani jikoni, kwa kinasa sauti kidogo kilichoegemezwa kwenye kopo la sukari. Alitaka vitenzi vya nyumbani: fungia, fungulia, pikia, wekea. Mama alikuwa mzungumzaji mzuri, wa matamshi safi, na alifurahi kwamba mwanawe alipata digrii zote zile ili arudi kumsikiliza yeye. Miezi minne baada ya rekodi ya saba alifariki, ghafla, kwa moyo. Tangu hapo Mwalimu hakuwa amefungua hata faili moja. Alifanya kazi na maandishi tu.

Akavaa hedifoni. Akabonyeza.

Sauti yake mwenyewe ilianza, ya haraka, ya mtu mwenye orodha mkononi: “Haya mama, niambie siku moja ya mvua kubwa. Chochote. Nani alikuja, ulimfanyia nini.”

Kimya. Kijiko kikagonga kikombe. Halafu mama, karibu kabisa, kana kwamba mdomo wake ulikuwa ndani ya sikio:

“Mjomba wako alikuja siku ya mvua. Mchana. Amelowa chapachapa, anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nikamfungia mlango.”

Kimya tena, kirefu zaidi. Kisha vikasikika vishindo vitatu vya kidole juu ya meza. Ngo. Ngo. Ngo.

“Halafu...” alisema mama.

“Asante, mama, hapo panatosha,” ilisema sauti ya Mwalimu. “Hicho hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Twende kwenye *pikia*.”

Mwalimu aliirudisha. Akasikiliza tena, na tena. Mara ya nne alivua hedifoni akajishika shavu, kwa kuwa lilikuwa linawaka. Mama alikuwa amesema “halafu.” Mama alikuwa na jambo la kusema, na yeye, mwenye shahada ya kusikiliza watu wanavyosema, alimkata kauli kwa sababu alishapata kitenzi chake.

Na mjomba alikufa. Hilo alilijua tangu utotoni, kama watoto wanavyojua mambo ya kabla ya kuzaliwa kwao: mdogo wake mama, kijana wa miaka ishirini na mbili, alikufa kwa homa. Homa gani, hakuna aliyesema. Sasa alikuwa na sentensi tatu zilizopangana. Alikuja amelowa. Nikamfungia mlango. Halafu. Ukizisoma kama mhakiki alivyozisoma, kijana mgonjwa amebaki nje kwenye mvua, na dada yake yuko ndani.

“Mwalimu,” Kistari aliita. “Uso umekupauka. Nikuletee maji?”

“Nitakwenda mwenyewe.”

Alikwenda mpaka mwisho wa korido, kwenye pipa la maji, akanywa glasi mbili. Aliporudi, mlango wa ofisi ulikuwa wazi na Kistari ametoka. Kabla hajaingia alisikia mtu anaongea ndani, kwa sauti nyembamba, kama ya mtu aliye ndani ya kisima. *Nikamfungia mlango.* Ngo, ngo, ngo. *Nikamfungia mlango.* Ngo, ngo, ngo. Alikuwa ameisahau programu ikijirudia, na hedifoni ziko mezani zimeelekea juu. Alijua hivyo. Hata hivyo alisimama kizingitini muda mrefu, mkono kwenye fremu, akashindwa kuvuka. Chumba kilikuwa kitupu na mama yake alikuwa ndani yake, akirudia jambo lile lile, bila pumzi, bila mwisho, akisubiri mtu amwulize halafu ikawaje.

Kistari ndiye aliyemkuta, akaingia, akazima.

“Hiki kidole,” alisema kwa upole, “hukukiandika kwenye maandishi yako.”

“Niliona ni kelele ya meza.”

“Si kelele. Anaigiza kitu.”

Wiki ile Mwalimu hakufanya kazi ya maana. Kila mwanafunzi aliyebisha hodi alimshtua, na wanafunzi wote, kumbe, hugonga mara tatu. Alikuwa akiishi katika nyumba aliyoachiwa na mama, ya vyumba vitatu na jiko, na sasa alianza kuitazama upya. Hakuna mlango wa ndani uliokuwa na komeo. Palikuwa na matundu ya skrubu tu, manne manne, yaliyozibwa kwa rangi. Walipokuwa watoto, mama alikuwa akiweka jiwe kila mlangoni ili usijifunge, na upepo ukivuma ukaubamiza mmoja alikuja mbio kutoka alikokuwa. “Hewa, wanangu! Hewa!” Walimcheka. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ameoa mwanamke anayelala kama yuko sokoni. Hawakuwahi kumwuliza kwa nini.

Sasa Mwalimu alilala akiitazama ile milango iliyo wazi, na kichwani mwake ilikuwa ushahidi. Mtu aliyemfungia mwenzake mlango akafa hataki tena kuona mlango uliofungwa. Kila alichokumbuka kuhusu mama kilijipanga chini ya sentensi ile kama maana chini ya neno, kila kipande na pahala pake, na kila alipokiangalia kilikuwa kinasomeka. Aliona ni afadhali aufute mfano. Aseme tu data haikutosha, atafute mwingine. Alifuta kweli, siku ya Alhamisi. Mfano wa 15 ukapanda ukawa wa 14, na marejeleo yote ndani ya makala yakajibadilisha yenyewe. Dakika kumi baadaye akaurudisha. Aliona kama amemfungia mtu tena.

“Nani mwingine alikuwepo?” Kistari alimwuliza Ijumaa, wakati wanafunga ofisi.

“Mama mkubwa. Dada yake mama. Yeye ndiye aliyebaki.”

“Basi mfuate. Data ina mwenyewe, Mwalimu. Usikae hapa unabishana na irabu.”

Mama mkubwa aliishi upande wa pili wa mji, ghorofa ya pili, pamoja na binti yake aliyekuwa mshonaji. Jumamosi alasiri binti alikuwa kwenye cherehani chumba cha mbele, kwa hiyo walikaa nyuma, kwenye kibaraza chembamba chenye ndoo za maua. Mama mkubwa alikuwa na miaka sabini na sita, kiuno kimegoma lakini ulimi mzima.

“Umekonda,” alianza. “Hivyo viambishi vyako havipikiki?”

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa. Una uso wa mtu aliyekuja kuuliza deni.”

Mwalimu alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. Alieleza kadiri alivyoweza: makala, mfano, mtu mmoja asiyemjua huko aliko anayesema tafsiri si sahihi. Alieleza kwamba anataka kujua mama alikuwa na maana gani. Hakusema anachoogopa. Mama mkubwa alimsikiliza huku anaondoa majani makavu kwenye ndoo.

“Alisemaje, kwa maneno yake?”

“Ninayo sauti, mama. Lakini si lazima usikilize.”

Mikono ya mama mkubwa iliacha majani. Akatazama simu iliyokuwa mapajani mwa Mwalimu kama mtu anayetazama mlango wa wodi.

“Yumo humo?”

“Yumo.”

“Lete.”

Hakutaka hedifoni, alisema zinamfanya ahisi kichwa kimebanwa. Mwalimu aliweka simu kwenye ukuta wa kibaraza, akabonyeza. Cherehani chumba cha mbele ilinyamaza, labda kwa bahati. Mama alisema kwamba mjomba alikuja siku ya mvua. Alisema nikamfungia mlango. Akagonga mara tatu, akasema halafu, na Mwalimu akamshukuru akamwambia panatosha.

Mama mkubwa alijifunika uso kwa mtandio. Mabega yake yalitikisika, kisha yakatulia. Alipoufunua, macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu.

“Bado alikuwa anasema vilevile,” alisema. “Miaka yote hii, maneno yale yale.”

“Alikuwa anayasema?”

“Msibani hakusema jingine. Mtu akiingia, akimpa mkono, yeye: *nikamfungia mlango, nikamfungia mlango*. Wewe, ukiambiwa hivyo na mtu ambaye ndugu yake yuko chini ya shuka, utaelewaje?”

Mwalimu aliichukua simu kutoka ukutani.

“Ndivyo walivyoelewa wote. Siku ya tatu mtaa mzima unajua kwamba dada alimfungia mdogo wake nje kwenye mvua akafa kwa baridi. Wanawake waliokuwa wakichota naye maji wakaanza kuchota mapema ili wasikutane. Mimi nilikuwa nikigombana nao. Nawaambia, nyinyi hamkumsikia! Wananiambia tumemsikia kwa masikio yetu, amesema mwenyewe. Na kweli alikuwa amesema mwenyewe.”

“Kumbe ilikuwaje?”

Mama mkubwa alivuta pumzi. Alisimulia polepole, na safari hii Mwalimu aliuma ulimi, hakutia neno.

Kijana alikuwa anafanya kazi kwenye ghala la mbao. Siku ile homa ilimshika kazini, malaria, hilo halikuwa uongo, na alikuja kwa dada yake kwa kuwa nyumba yake ilikuwa karibu. Aliingia analia baridi. Dada akamvua nguo mbichi, akamlaza chumba cha nyuma, akamfunika blanketi mbili. Bado anatetemeka. Basi akachukua jiko la mkaa lililokuwa limekolea vizuri, tayari kwa kupikia, akaliingiza chumbani ili limpashe joto. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa ajili ya mvua. Anatoka, yule kijana akamwita.

“Akamwambia, *dada, nifungie mlango, upepo unaingia.* Mama yako akamfungia. Mpaka komeo, maana mlango ule ulikuwa unaachia.”

Mbele, cherehani ilianza tena, ikakimbia, ikanyamaza.

“Yeye alikuwa jikoni anafua zile nguo zilizolowa. Baada ya muda akasikia anagonga ukutani. Mara tatu. Akadhani anataka chai. Akamjibu kwa sauti, *lala kwanza, chai inachemka.* Hakugonga tena. Akafurahi, akasema amelala.”

Mwalimu alikumbuka kidole cha mama juu ya meza.

“Sumu ya mkaa haina moshi wala harufu, mwanangu. Sisi nani alitufundisha? Alipompelekea chai...” Mama mkubwa alifungua kiganja, akakifunga. “Daktari alituambia. Mimi ndiye niliyeamua tuseme homa. Niliona tukisema mkaa, watasema alimuua. Kumbe kwa kuficha ndiyo nikawaachia waseme lile la mvua. Nikafunga hapa, likapasuka pale.”

Jua lilikuwa limehamia kwenye ndoo za maua. Mwalimu aligundua kwamba analia, na kwamba amekuwa akilia tangu kitambo. Juma zima alikuwa amemfikiria mama yake kama mtu aliyesikia hodi akakausha. Sasa alijua mama alikuwa amesikia hodi kweli, na akaijibu kwa mapenzi, na hilo lilikuwa zito zaidi. Angeweza kumsamehe mtu mkatili aliyejuta. Mtu aliyefanya wema, hatua moja baada ya nyingine, jiko, dirisha, mlango, komeo, atamsamehe kwa lipi?

“Sasa huyo mtu wako,” mama mkubwa alisema, akijifuta. “Huyo anayesema umekosea. Utamwambiaje?”

“Sijui, mama. Naweza kuuondoa mfano. Hakuna atakayejua.”

“Uuondoe?” Mama mkubwa aligeuka mwili mzima, kiuno na yote. “Watu wamemsikia vibaya miaka arobaini na tatu. Wewe una kitabu ambacho ndani yake mtu lazima aandike alikuwa na maana gani, halafu unataka kuuondoa?”

“Itaandikwa kwamba alimfungia kwa sababu alimwomba. Lakini alikufa, mama. Kwa mlango huo huo. Nikiandika ‘kwa faida yake’, ni uongo. Nikiandika ‘kwa hasara yake’, ni uongo pia.”

“Mimi sijasoma. Ila nakuuliza. Lile neno, pale alipolisema, alikuwa anasema alichokusudia au kilichotokea?”

Mwalimu alimtazama. Profesa aliyemsimamia shahada ya uzamivu hakuwahi kumwuliza swali lililonyooka namna ile.

“Alichokusudia,” alisema hatimaye. “Kiambishi hakijui kilichotokea baadaye.”

“Basi.”

Kabla ya kuondoka, Mwalimu aliomba ruhusa ya kurekodi. Aliweka simu ukutani pale pale, akamwambia mama mkubwa aanze popote na aishie popote. Mama mkubwa alizungumza dakika arobaini na moja. Alisimulia siku ile, kisha mazishi, kisha akahamia utoto wao watatu, jinsi mdogo wao alivyokuwa akiogopa kuku, na alipofika hapo alicheka mpaka akakohoa. Mwalimu hakusema neno hata moja, hata pale kuliponyamaza na kukawa hakuna kinachosikika isipokuwa cherehani.

Jumatatu alikaa na Kistari bega kwa bega. Mfano wa 14 uligawanyika ukawa wa (14a) na (14b), na kwenye (14b) aliingiza sentensi kutoka kwenye rekodi ya mama mkubwa, maneno ya yule kijana mwenyewe. Akaikata:

(14b)   ni-fung-i-e                     m-lango
        N1-funga-TDA-AMRI               NG3-mlango

“Subiri,” Kistari alisema, kidole kwenye kioo. “Vistari vinalingana, lakini hapo mwanzo umepotoka.”

Mwalimu aliangalia. Aliona.

Ile *ni-* haikuwa ile *ni-* ya kwanza. Kwenye (14a), *ni-* ni mama, ndiye mtenda. Kwenye (14b), anayesema ni kijana aliyelala chini ya blanketi mbili, na *ni-* yake ni yambwa, ndiye anayetaka kufanyiwa. Silabi moja, sura moja, na zamu hii ilikuwa imebeba mtu mwingine kabisa. Alifuta N1 akaandika YMB.N1. Ilimchukua muda mrefu kuliko ilivyopasa. Katika sentensi mbili, moja chini ya nyingine, ndugu wawili walikuwa wakizungumza, na yule wa pili alikuwa akiomba.

“Pumzika,” Kistari alisema.

“Nikipumzika sitarudi.”

Mstari wa nne wa (14a) aliuacha kama ulivyokuwa tangu mwanzo: mlango ulifungwa kwa ajili yake. Chini aliweka tanbihi. Aliiandika mara tisa. Toleo la mwisho lilisema kwamba msemaji alifunga mlango kwa ombi la mtendewa aliyekuwa mgonjwa ndani ya chumba, taz. (14b), kwamba matokeo ya tendo yalikuwa mabaya kwa mtendewa, na kwamba kauli ya kutendea hapa inaashiria kusudi la mtenda wala si matokeo. Kwenye mabano mwishoni aliweka namba ya rekodi na dakika. Aliongeza pia jambo ambalo mhakiki hakuliuliza: kwamba wasikilizaji wengi walioisikia sentensi hii bila muktadha waliielewa kinyume, na kwamba hili linastahili kuchunguzwa. Maandishi ya rekodi nayo aliyasahihisha. Baada ya *mlango* aliandika: anagonga meza mara tatu. Kisha, kwenye mstari wake peke yake: *Halafu*. Kisha: mtafiti anamkatiza.

Jibu la mhariri lilikuja wiki ya tatu. Mhakiki alikuwa ameridhika. Alisema tu kwamba tanbihi ile imeibadilisha makala, na kwamba angependa kumwomba mwandishi radhi, ingawa hakusema kwa lipi.

Mwalimu alidhani hapo jambo litamwacha. Halikumwacha. Usiku milango ya nyumbani ilibaki wazi kama zamani, na upepo ukiibamiza mmoja aliamka ameshaketi. Alikuwa akijua sasa anachokisikia, basi. Kujua hakukumpunguzia kitu isipokuwa hasira.

Halafu zikaja kurasa za kusahihisha, zikiwa zimepangwa tayari kama zitakavyochapwa. Alizisoma mbio mpaka ukurasa wa kumi na moja. Mpanga kurasa alikuwa amebanwa na nafasi: sentensi ya (14a), vipande na maana zake vilikuwa chini kabisa ya ukurasa, na mstari wa nne ulikuwa umerukia ukurasa wa kumi na mbili, juu, peke yake. Mtu akiufunua ukurasa wa kumi na moja angeona *nikamfungia mlango*, kitenzi kimekatwa vipande sita, kila kimoja na jina lake, na chini yake weupe tu.

Alikaa nao muda. Kistari aliuliza kuna nini, akaja kutazama, akarudi kwenye kiti chake.

Mwalimu alichukua kalamu nyekundu, akachora mstari kutoka kwenye ule weupe mpaka kwenye tafsiri iliyopotea, na pembeni akaandika kwa herufi kubwa: MFANO HUU USIKATWE. MISTARI YOTE IKAE PAMOJA, HATA MKIACHA NAFASI TUPU UKURASA WA KUMI NA MOJA. Kisha akazipiga picha kurasa zile, akazituma kwa mhariri, akampigia simu mama mkubwa kumwambia maneno ya mama yamo ukurasa wa ngapi.